Mstari mmoja unatosha: nilivyoandika kufungwa kwa ghala kwenye wasifu wangu wa kazi

Mstari wenyewe ni huu: "Kampuni ilifunga ghala la Mwanza Juni 2024; nafasi zote za ghala zilifutwa." Hakuna kingine kwenye wasifu wangu kinachoeleza kwa nini niliondoka pale. Ni mstari mfupi, lakini kila neno lililomo lina sababu ya kuwepo, na nimeona watu wengi wakikwama kwenye maneno hayohayo.

Anayepitia maombi ya kazi akiona umeondoka mahali na hujaanza pengine, anajiuliza jambo moja: huyu aliondoka, au aliondolewa kwa kosa? Mstari unajibu hilo tu. Mishahara iliyochelewa, mwekezaji aliyejitoa na uongozi uliokuwa haushauriki havijibu swali hilo. Vinaongeza mengine, na maswali hayo utakuwa umeyaleta mwenyewe.

Anza na mtenda. Kwenye sentensi yangu anayetenda ni kampuni, na kilichotendwa kimelipata ghala na nafasi zake. Mimi simo. Ukiandika "nilipunguzwa kazini" umesema kweli, lakini umejiweka wewe katikati, na msomaji anaanza kuuliza kwa nini wewe na si mwenzako. Ukiandika "Kampuni ilipunguza idara ya mauzo Machi 2023" jambo ni lilelile, ila sasa linaonekana kwa ukubwa wake. Maneno kama "kwa bahati mbaya", "ghafla" na "kutokana na hali ngumu ya uchumi" yatoe yote. Hayana taarifa ndani yake, yana masikitiko tu.

Kisha kitenzi, na hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Kufunga tawi, kusitisha shughuli, kufilisika na kufutiwa leseni ni mambo manne tofauti. "Kufilisika" kuna utaratibu wake wa kisheria. Kampuni nyingi tunazosema mtaani kuwa zimefilisika zimeacha tu kufanya kazi, na kwenye daftari la BRELA bado zipo. Mwajiri makini akitafuta jina akalikuta lingali kwenye usajili, huku wewe umeandika imefilisika, wewe ndiye unayeonekana umetia chumvi. "Ilisitisha shughuli" ni salama na ni kweli. Kadhalika, tofautisha kampuni kufungwa na kampuni kufunga. Shoprite ilipoondoka Kenya, kampuni yenyewe iliendelea na biashara Afrika Kusini. Aliyekuwa mhasibu wa duka mojawapo la Nairobi anatakiwa aandike "Kampuni ilifunga maduka yake yote ya Kenya", kwa sababu akiandika "kampuni ilifungwa" msomaji anajua si kweli. Ndiyo maana nami niliandika ghala la Mwanza: ofisi kuu Dar es Salaam bado inafanya kazi.

Kufutiwa leseni kunahitaji busara kidogo. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Aliyekuwa karani wa dirishani anaweza kuandika "Benki ilifungwa Januari 2018" akaishia hapo, kwa kuwa tukio lilitangazwa nchi nzima. Afisa mikopo, kwa maoni yangu, afanye vivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi: neno "leseni" likikaa jirani na neno "mikopo" linamfanya msomaji aunganishe vitu ambavyo pengine havihusiani. Akiulizwa kwenye usaili ataeleza. Hajaficha kitu, maana mwaka na jina la benki vipo hapohapo.

Tarehe ndizo zinazoharibu mambo bila mtu kujua. Mfanyakazi anayesimamishiwa ajira huwa na tarehe tatu au nne mkononi. Kwangu, ghala liliacha kupokea mzigo tarehe 7 Juni. Barua ya kusitisha ajira ilitaja 30 Juni kuwa siku ya mwisho, kwa sababu ya notisi. Sheria ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Na taarifa yangu ya michango ya NSSF ilionyesha mchango wa mwisho wa Machi. Niliandika Juni, kwa sababu tarehe inayohesabika ni ile ya kwenye barua. Lakini ile ya NSSF usiipuuze. Kampuni inayoyumba mara nyingi huacha kupeleka michango miezi kadhaa kabla ya kufunga, na mwajiri mpya akiomba taarifa hiyo ataona pengo kati ya Machi na Juni. Dawa yake ni kuiweka barua ya kusitishwa ajira pamoja na hati za mshahara za miezi hiyo tayari kwenye faili, wala huna haja ya kuligusa jambo hilo kwenye wasifu.

Kwenye karatasi, sehemu ile inasomeka hivi:

> Msimamizi wa Ghala, Mwanza
> Aprili 2018 – Juni 2024
> – Nilisimamia watu 11 na stoo ya bidhaa za dukani kwa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa.
> – Nilishusha tofauti ya hesabu ya stoo kutoka asilimia 2.1 hadi 0.6.
> – Niliongoza kuhamisha na kukabidhi stoo yote kwa ghala la Dar es Salaam.
> – Kampuni ilifunga ghala la Mwanza Juni 2024; nafasi zote za ghala zilifutwa.

Tazama mahali mstari ulipokaa. Uko mwisho wa kazi ile, chini ya nilichofanya, kwa mwandiko uleule, bila wino mzito wala mlazo. Wapo wanaoutundika pembeni ya tarehe, ndani ya mabano. Mimi siupendi huo mtindo, kwa sababu mbili. Jicho linakutana na kufungwa kabla ya kukutana na kazi, na mifumo ya kompyuta inayochambua maombi huweza kushindwa kusoma tarehe iliyofuatiwa na maneno, mwezi wa kuondoka ukapotea kabisa. Mstari wa tarehe ubaki na tarehe tu.

Tazama pia mstari unaoutangulia, ule wa kuhamisha stoo. Kufunga mahali ni kazi, na wengi hawaiandiki. Aliyebaki kuhesabu mali, kukusanya madeni ya wateja, kukabidhi magari au kulipa wasambazaji wa mwisho ndiye aliyeaminiwa hadi mwisho. Ukiitaja kazi hiyo, msomaji anafika kwenye mstari wa kufungwa akiwa ameshapata jibu la swali lake.

Maneno "nafasi zote" yana nguvu, lakini yatumike pale tu yalipo kweli. Kama watu 40 waliondolewa kati ya 60 na namba hiyo imo kwenye barua, iandike: "Kampuni ilipunguza nafasi 40 Machi 2023." Kama waliondolewa watatu nawe ni mmojawapo, acha namba, taja idara. Na kama uliondolewa kwa kosa la nidhamu mwezi Februari, kampuni ikafungwa Mei, kufungwa kule si sababu yako. Simu moja kwa bosi wa zamani inatosha kuufichua uongo huo. Waliosaini makubaliano ya kuondoka wasome kwanza kama kuna kipengele cha usiri au maneno waliyokubaliana kuyatumia.

Kundi jingine ni la wafanyakazi wa miradi. Mapema 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya Tanzania, Kenya na Uganda ilikatika katikati ya mikataba. Kosa ninalolikuta hapa ni kuandika tarehe ya mwisho iliyokuwa kwenye mkataba, tuseme Septemba 2026, au kuandika "mkataba ulimalizika". Mkataba haukumalizika, ulikatishwa. Mstari wake: "Mradi ulifungwa Februari 2025 baada ya ufadhili wa Marekani kusitishwa." Anayeajiri kwenye sekta ya afya hahitaji hata nusu ya neno zaidi.

Wasifu wa kazi mara nyingi hutumwa kwa Kiingereza. Mpangilio haubadiliki: nani alifanya nini, wapi, mwezi gani, na kwa upana gani. Maneno hayohayo ndiyo ya kuweka kwenye fomu za mtandaoni, kwenye kile kisanduku cha sababu ya kuacha kazi, na kwenye LinkedIn. Hapa wasifu ukasema "ilifungwa", fomu ikasema "mkataba uliisha", barua ya maombi ikasema "kutafuta changamoto mpya", tayari una maelezo matatu ya tukio moja. Barua ya maombi mimi huiacha kabisa bila kugusa suala hili.

Kuna wakati mstari hauhitajiki. Kama baada ya kufungwa ulipata kazi nyingine ndani ya mwezi au miwili, au kazi yenyewe iko nyuma kwa kazi mbili tatu, tarehe zinajieleza.

Kinachobaki ni ushahidi, maana simu ya ofisi iliyofungwa haipokelewi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kidai kabla afisa utumishi hajakabidhi funguo, kwa sababu ukishapita huo wakati utamtafuta mtu usiyemjua alipo. Walioko Kenya wana haki hiyohiyo kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, na inafaa kujua kwamba kifungu cha 51 kinataka majina, anuani, aina ya kazi na tarehe za kuanza na kuacha. Sababu ya kuondoka haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo cheti peke yake hakiuthibitishi mstari wako. Barua ya kusitisha ajira ndiyo inayouthibitisha, na ziende pamoja.

Mdhamini naye aandikwe kama alivyo leo. Wangu nilimwandika "aliyekuwa Meneja wa Kanda", nikaweka cheo chake cha sasa na namba yake binafsi, baada ya kumwomba ruhusa na kumsomea ule mstari kwenye simu. Aliniuliza tu kama niliandika Juni au Mei, kwa kuwa yeye barua yake ilisema Mei.