Nilivyoacha kuhesabu stoo mara moja kwa mwaka

Kwa miaka sita tulikuwa tunafunga duka siku tatu mwishoni mwa Desemba ili kuhesabu stoo nzima. Ni duka la jumla la vifaa vya umeme na mabomba hapa Mwanza, lina bidhaa 1,240 kwenye kompyuta, na mimi ndiye mtunza stoo. Siku ya tatu watu walikuwa hoi, wakikadiria elbo kwa macho na kuandika. Mwaka ule upungufu ulipotoka mkubwa, bosi aliniuliza ulitokea lini. Sikuwa na jibu. Ungeweza kuwa wa Februari au wa wiki iliyopita. Nilimwomba anipe mwaka mmoja nijaribu kuhesabu kidogokidogo kila siku, akakubali.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga nini kihesabiwe mara ngapi. Nilichukua mauzo ya mwaka mzima kwenye Excel, nikazidisha idadi ya kila bidhaa kwa bei tuliyonunulia, kisha nikapanga kuanzia kubwa kwenda ndogo. Hapo ndipo macho yalipofunguka. Elbo za nusu inchi tuliuza 9,000, lakini kwa shilingi 400 moja zinafika milioni 3.6 tu. Waya mwekundu wa milimita za mraba 2.5 tuliuza roli 640, na kwa shilingi 110,000 kila moja hiyo ni milioni 70.4. Nilikuwa natumia nusu siku kuhesabu elbo, na waya nilikuwa naupitia harakaharaka kwa kuwa roli chache huonekana rahisi.

Bidhaa 160 za juu zilibeba sehemu kubwa kabisa ya fedha. Nikaziita kundi A, zihesabiwe kila mwezi. Zilizofuata 320 zikawa B, mara nne kwa mwaka. Zilizobaki 760 zikawa C, mara mbili. Ukizidisha unapata hesabu 1,920, 1,280 na 1,520, jumla 4,720. Tunafungua siku kama 300 kwa mwaka, kwa hiyo ni bidhaa 16 kwa siku. Watu wawili wanazimaliza kwa dakika arobaini kabla ya kufungua milango. Ukipiga hesabu hii ukaona siku inakuja na bidhaa 50, punguza mara za kundi C mapema, maana ratiba isiyobebeka itaachwa kabla ya mwezi kuisha.

Fedha peke yake haitoshi kupanga makundi. Sakiti breka ndogo zilikuwa B, lakini zinaingia mfukoni na fundi yeyote anazihitaji, kwa hiyo nilizipandisha A kwa mkono. Nikaongeza pia kanuni kwamba bidhaa yoyote ambayo kompyuta inaonyesha sifuri au hasi inahesabiwa siku hiyohiyo, hata kama zamu yake bado. Rafu ikiwa karibu tupu, kuhesabu ni dakika moja.

Kabla ya kuanza ratiba yote, nilichagua bidhaa 20 tu na kuzihesabu kila wiki kwa mwezi mzima. Nilitaka kujua kama njia yetu ya kuhesabu yenyewe inaaminika. Wiki ya kwanza saba kati ya hizo 20 hazikulingana na kompyuta, na nyingi hazikuwa wizi. Kuna mabomba yalikuwa yamelipiwa na wateja ambao hawajaja kuyachukua: kwenye kompyuta yameshatoka, kwenye rafu yapo. Kuna mzigo ulioshushwa jioni, na karatasi yake bado iko mezani kwangu. Nikatenga kona ya mizigo ya wateja na kuichora mstari wa rangi sakafuni. Nikaweka pia sharti kwamba hatuanzi kuhesabu bidhaa mpaka karatasi zake zote za jana ziwe zimeingizwa. Usipolifanya hili, utasahihisha takwimu iliyokuwa sahihi.

Jambo jingine nililoshikilia ni kwamba anayehesabu haoni idadi ya kompyuta. Karatasi yake ina jina, rafu na nafasi tupu. Mtu akijua kwamba zinatakiwa 42, akipata 41 atarudia mpaka apate 42. Tukikuta tofauti, mtu wa pili anahesabu upya, naye bila kuambiwa chochote.

Kilichonifundisha zaidi ni ule waya wa 2.5. Mwezi wa kwanza ulipungua roli mbili. Nikahesabu tena, nikaona ni kweli, nikasahihisha kompyuta, nikaendelea. Mwezi wa pili kompyuta ilisema roli 42, sisi tukakuta 39. Hapo nilisimama. Kitu kinachopungua miezi miwili mfululizo kina mlango wake, na mimi nilikuwa nafuta alama za miguu kila mwezi kwa kusahihisha tu.

Nilikwenda kaunta. Dada wa kaunta akanifungulia mauzo yake, na chini kabisa kulikuwa na bidhaa nyingine, isiyokuwa kwenye orodha yangu ya stoo: waya 2.5 mwekundu kwa mita. Salio lake lilikuwa hasi 487.

“Kaka, mimi nakata na kuandika kila siku,” akaniambia. “Nikiishiwa nafungua roli jingine.”

Alikuwa anaandika kila mita kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba roli lilipofunguliwa hakuna aliyelitoa kwenye hesabu ya roli na kuliingiza kwenye mita. Roli tano za mita 100 ni mita 500. Toa 487 zilizouzwa, zinatakiwa zibaki 13 kwenye roli lililofunguliwa. Tulilinyoosha sakafuni tukalipima, tukapata mita 11 na kidogo. Hizo karibu mbili zilizopotea ziko kwenye vile vipande anavyozidisha kidogo dada wa kaunta anapompimia mteja kati ya misumari miwili ya meza, na kwa mita 487 sikuona haja ya kumsumbua mtu.

Sasa roli haliondoki stoo bila kikaratasi: toa roli 1, ingiza mita 100. Mwezi uliofuata roli zililingana. Na tangu siku ile, tofauti yoyote ya kundi A haisahihishwi mpaka sababu iandikwe pembeni. Kwa kundi C ninaruhusu tofauti ya asilimia tano bila uchunguzi, kwa sababu kufuatilia elbo nane kunagharimu kuliko elbo zenyewe. Ila kwanza naangalia bidhaa jirani yake. Elbo za nusu inchi zikizidi 30 na za robo tatu zikipungua 30, hapo hakuna kilichopotea. Kuna mtu anabonyeza saizi isiyo yake.

Desemba ilipokaribia nilimpelekea mkaguzi wa hesabu karatasi zote zilizosainiwa. Alitaka kuona kwamba kila bidhaa, hata zile zisizouzwa, imehesabiwa angalau mara moja ndani ya mwaka, na akaja asubuhi mbili kuhesabu pamoja nasi bidhaa alizozichagua mwenyewe. Alikuta bidhaa 11 za kundi C ambazo hazikuguswa kabisa, zote za rafu ya juu nyuma ya matangi. Tulizihesabu siku hiyo, na duka halikufungwa. Januari nilipanga makundi upya kwa mauzo mapya: waya wa 2.5 umebaki A, na koki za shaba, zilizokuwa C, zimepanda hadi B.