Nimekwama Mafia, likizo imeisha

Likizo iliisha Ijumaa. Jumapili niko gatini Kilindoni na begi langu, tunaambiwa boti haivuki kwenda Nyamisati, kusi limechafua bahari, labda Jumatano. Sikungoja Jumatatu wanitafute. Nilimwandikia msimamizi palepale:

"Shikamoo mama. Nimekwama Mafia, boti zimesimamishwa kwa upepo. Naomba siku 4, Jumatatu hadi Alhamisi, zikatwe kwenye siku zangu 14 za likizo zilizobaki. Ijumaa nitakuwa kazini. Nimeambatisha tiketi na picha ya tangazo la gatini. Funguo za stoo anazo mwenzangu."

Akajibu: "Marahaba. Nimekubali, fomu utajaza ukirudi." Nikashusha pumzi. Kwa sheria zetu Tanzania, kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa kunaweza kukuachisha kazi. Jibu lake nimelihifadhi.