Siku moja maishani mwangu: barua pepe 12 kwa wenye migahawa wa Mwanza

Saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya kwenda ofisini napitia Mwaloni, Kirumba. Saa hizi ndipo wapishi na wenye migahawa wanapochukua sato. Mama mmoja anachagua samaki, anahesabu noti, kapu linafungwa nyuma ya bodaboda, safari. Hakuna aliyeandika chochote. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya watu watatu, na leo nawaandikia barua pepe wenye migahawa wasionijua, niwaombe tuwatunzie vitabu vya kila mwezi. Ndiyo maana nataka kwanza nione pesa yao inavyotoka.

Saa 2 asubuhi. Orodha yangu ina migahawa 12 tu. Miezi michache iliyopita tulituma barua moja kwa migahawa 60 kwa mpigo, wote kwenye `Bcc`, ikiwa na faili la PDF la kurasa 4 kwa Kiingereza. Barua 11 zilirudi na maneno `Address not found`, na waliobaki hawakujibu hata mmoja. Nadhani najua sababu. Anwani tulizitoa kwenye orodha ya zamani, barua iliyotumwa kwa wengi hivyo ni rahisi kuangukia kwenye taka, na mtu aliyeshika simu huku akisimamia jiko hafungui faili la kurasa 4. Zaidi ya yote, hapakuwa na neno hata moja linalomhusu yeye. Safari hii anwani nimezitoa kwenye mabango na kadi za migahawa yenyewe, na kila mgahawa nimeingia nikala.

Leo ni tarehe 10, na siku hiyo nimeichagua makusudi. Tarehe 7 ni mwisho wa kupeleka kodi ya mishahara, na tarehe 20 ni mwisho wa ritani ya VAT. Katikati hapo mtu bado anakumbuka usumbufu wa wiki iliyopita, lakini hajabanwa na ujao.

Saa 3 asubuhi. Naandika barua ya kwanza, ya mgahawa mmoja wa Kirumba.

> Mada: Droo, simu na mashine jioni
>
> Shikamoo mama, pole na kazi. Wiki iliyopita nilikula sato wa kuchoma kwako, nikalipa kwa simu.
>
> Migahawa mingi hulipia viazi, mkaa na bodaboda kutoka droo ya mauzo. Jioni ukifunga, pesa ya droo, pesa ya simu na ripoti ya Z ya mashine ya EFD vinalingana?
>
> Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko hapa mjini. Kila mwezi tunaandika mauzo na manunuzi ya mgahawa, tunalinganisha vitu hivyo vitatu, na kama umesajiliwa VAT tunaandaa ritani kabla ya tarehe 20. Kwa mgahawa kama wako ada ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Ukaguzi wa hesabu za mwaka haumo.
>
> Naomba dakika 20, saa 9 au saa 10 alasiri, wateja wa mchana wakipungua. Kama hupendi nikuandikie tena, nijibu "hapana" tu, nitaacha.

Rasimu ya kwanza haikuwa hivi. Nilikuwa nimeandika kwamba nilimwona dada wa kaunta akitoa noti kwenye droo kumlipa kijana wa viazi. Ni kweli nilimwona, lakini nikajiuliza bosi wake akisoma hivyo atamfanya nini. Nikaiandika kama jambo la migahawa mingi, ambalo nalo ni kweli.

Mzee, mwenye ofisi yetu, akaisoma na kuweka kidole kwenye sentensi niliyojivunia: "Tutakupunguzia kodi."

"Hiyo futa, binti. Hujaona hata daftari lake moja, umejuaje kama kodi yake itashuka? Huenda ikapanda."

Maadili ya uhasibu yanatukataza kutangaza tusichoweza kukithibitisha, na kuwasema vibaya wenzetu. Nikafuta. Bei nikaiacha, ingawa Mzee alisita. Mwenye mgahawa anaishi na bei siku nzima. Asipoiona anadhani ni kubwa mno.

Saa 4 asubuhi. Natuma moja moja. Salamu na mistari ya mwanzo nabadilisha kila mara, maana mgahawa wa dagaa na ugali pale Igoma hauna shida sawa na wa Capri Point wenye baa. Siweki kiambatisho. Mbili zimerudi; kesho nitapita kuuliza anwani sahihi. Wasiojibu nitawaandikia mara moja tena baada ya siku nne za kazi, mistari mitatu tu, basi.

Mpaka saa 8 niko kwenye vitabu vya wateja tulionao.

Saa 8 na dakika 40 mchana. Jibu limeingia kutoka Kirumba: "Nani kakwambia habari za droo yangu? Njoo saa 10."

Saa 10 alasiri. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Haya, nionyeshe."

Naomba ya jana tu. Ripoti ya Z inasema mauzo ni 612,000. Pesa ya droo aliyohesabu usiku ni 371,000. Kwenye simu ziliingia 148,000. Wafanyakazi wa ofisi ya jirani, wanaolipa mwisho wa mwezi, walikula chakula cha 60,000. Najumlisha mbele yake: 579,000. Zimepungua 33,000.

"Unaona? Kila siku hivi. Mwezi uliopita nimemkata yule dada 40,000."

Namwomba amwite. Dada anakuja akijifuta mikono, anafikiri, anasema jana alilipa viazi 25,000 na bodaboda aliyevileta 8,000. Aliagizwa na jikoni. Hakuna aliyempa pa kuandikia.

Ni 33,000 kamili. Mama ananyamaza kidogo, kisha anamwambia, "Nenda mwanangu, tutaongea."

Namweleza kwamba hiyo si pesa iliyopotea, ni gharama isiyoandikwa. Na sato wa Mwaloni naye ni hivyo hivyo, na yeye ndiye mzigo mkubwa. Gharama isiyo na karatasi ni ngumu kuitetea mbele ya afisa wa kodi. Jina la muuzaji, namba yake ya simu, kilo, bei na sahihi yake kwenye vocha havigeuki kuwa risiti ya EFD, ila vinampa mama mahali pa kuanzia.

Kuna jambo jingine limenishtua zaidi ya droo. Mama hajasajiliwa VAT. Kama kila siku ingekuwa kama jana, kwa siku 26 anauza 15,912,000, na kwa mwaka 190,944,000. Kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni milioni 200. Siku moja haitoshi kuamua, kwa hiyo nimemwomba ripoti za Z za miezi 12.

"Kumbe nikikua nitadaiwa zaidi?"

"Ukivuka, ndiyo mama. Afadhali ujue mapema upange bei zako."

Hajasaini chochote. Ameniambia nirudi Ijumaa na mkataba ausome na mwanawe.

Saa 12 jioni. Kabla ya kuondoka nimemchorea dada ukurasa wa daftari: droo, simu, madeni, kilicholipwa kutoka droo, na chini kabisa ripoti ya Z. Ofisini naandika kwenye orodha: 12 zimetumwa, 2 zimerudi, 1 "hapana" (nimemfuta), 1 tumeonana.

Saa 4 usiku. Picha imeingia kwenye simu. Mwandiko wa dada, safu zote zimejazwa. Kilicholipwa kutoka droo: mkaa, limau, bodaboda. Tofauti ni 500.