Koo, tangawizi na mahojiano ya mama

Jamani baridi ya Ankara ina visa vyake. Juzi nimelala mzima, naamka hata mate kumeza siwezi, koo linawaka mpaka masikioni, alaf huku hosteli jikoni kuna birika la umeme na sufuria za kugombania basi. Ingekuwa nyumbani Ngamiani saa hizo kinu kingeshalia uani na mtoto ashatumwa dukani kufata ndimu. Huku ndimu sijaziona, kuna malimau, na tangawizi yenyewe nimeikuta imesinyaa, bei sasa, acha tu.

Nikampigia mama vidio koli. Uzuri saa za huku na za Tanga ni zilezile so nikamkuta hajalala. Shikamoo mama, marahaba baba, mbona sauti ya chura? Mi nasubiri nitajiwe dawa kumbe naanza kuhojiwa. Una mafua? Ninayo. Unakohoa? Sana. Akasema alhamdulillahi! Nikabaki namwangalia, mtu anashukuru mwanae kukohoa. Akanambia washa tochi ya simu nenda kwenye kioo panua mdomo, mafindofindo yana utando mweupe au usaha? Hamna. Papasa chini ya taya, kuna tezi zimevimba zinauma? Hamna. Homa? Joto kidogo tu. Ndo akashusha pumzi.

Kumbe alikuwa anamuwaza mtoto wa jirani yetu, yule alianza na koo, homa kali ila kikohozi hana wala mafua, kwao wakaendelea na tangawizi mpaka koo likapoa lenyewe, wiki kadhaa mbele magoti yakavimba na hospitali wakakuta valvu za moyo zimeshaguswa. Koo la bakteria hilo, linataka kipimo na dozi ya antibayotiki uimalize yote hata ukijisikia umepona. Langu lenye mafua na kikohozi mara nyingi ni virusi, antibayotiki haziligusi, linaondoka lenyewe ndani ya wiki hivi.

Bas ndo tukaja kwenye dawa. Maji ya uvuguvugu glasi moja, chumvi nusu kijiko cha chai, inua kichwa usukutue mpaka nyuma kabisa kisha uteme. Tangawizi nikaiponda kwa kitako cha glasi, ikachemka kama dakika kumi, limau, asali nikatia ilipopoa kidogo. Mama mwenyewe anasema hivi vinapoza tu, haviui ugonjwa, na kweli usiku ule kikohozi kiliniacha nilale. Kujifukiza kanikataza kabisa, maji ya moto na blanketi juu ya kitanda cha hosteli utajiunguza mapaja bure. Na homa ikipanda au maji yakigoma kupita, usinipigie mimi, nenda hospitali.

Sasa kuna jamaa wa Pangani anarudi huku mwezi ujao, mama ashamfungia mdalasini na karafuu za Amani. Asali ya Handeni jamaa kagoma kubeba, anasema itamwagikia nguo zake.