Saa zangu za kuonana na wazazi, na maji yaliyonivurugia ratiba

Nilipotangaza kwamba kila Jumatano nitakuwa ofisini kuonana na wazazi na wanafunzi, mwalimu mwenzangu aliniasa nisiweke masharti, kwani, kwa maneno yake, "mzazi wa Lamu hapangiwi". Nilimsikiliza, na Jumatano ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja. Wa kwanza alikaa karibu saa nzima akinieleza habari za watoto wake wote, hata wasiosoma kwetu.

Tangazo la pili likawa na masharti: saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu, baada ya sala ya alasiri, watu sita, kila mmoja dakika kumi na mbili, nami nibaki na dakika tatu za kuandika nilichoahidi. Jina huandikwa katika daftari la karani au hutumwa kwa simu kabla ya Jumatatu jioni, na anayechelewa hupata dakika zake zilizobaki tu. Kwa ujinga wangu niliandika "4:00", na baba mmoja akafika saa nne asubuhi, nikiwa darasani. Tangu hapo naandika saa kwa maneno.

Nilidhani nimemaliza, mpaka alipokuja mama mmoja kutoka kisiwa cha Pate. Zamu yake ilikuwa ya saa kumi, lakini alikuwa akichungulia dirishani kila mara, na nilipomuuliza alinijibu, "Mwalimu, boti linafuata maji, halinifuati mimi." Tulizungumza dakika nne kuhusu alama za hisabati za mwanawe, akatoka mbio, akalikosa boti, akalala kwa shemeji yake Langoni. Nami mzaliwa wa kisiwani, mjukuu wa nahodha!

Usiku ule nilihesabu. Maji huchelewa takriban dakika hamsini kila siku, hivyo katika wiki moja husogea karibu saa sita: Jumatano hii yamejaa saa kumi, Jumatano ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa kuelekea saa kumi, na wa Pate hawana budi kuondoka wakati huo. Basi Jumatano za bamvua huwatengea zamu mbili wakati wa mapumziko ya saa saba mchana. Jumatano za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, wanapoweza kuja na maji ya asubuhi lakini wasipate ya kurudia jioni, nawapigia simu kwa zamu ile ile ya dakika kumi na mbili, na gharama ya simu ni ndogo mno kuliko nauli. Wa Shela na Matondoni, wanaoweza kuja kwa miguu au punda, hubaki na saa kumi yao.

Ratiba ya mihula yote nimeibandika mlangoni, Jumatano za bamvua zikiwa na alama ya mwezi. Mwenzangu yule bado hana daftari, ila majuzi nilimkuta amesimama mbele ya ratiba hiyo akinakili tarehe.