Sahani ya Katwe

Mwaka 2014 nilikuwa Jinja, nimeajiriwa kupima unene wa matangi kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Safari moja nilipewa tangi la dizeli la kiwanda fulani, la kulala, lililojengwa kwa pleti ya milimita 6. Mwenye mali alitaka kujua kutu imekula kiasi gani. Sharti lake lilikuwa fupi: popote palipobaki chini ya milimita 4.5, pakatwe na kupachikwa pleti mpya.

Tatizo ni kwamba kipande changu cha ngazi nilikuwa nimemwazima mwenzangu aliyekwenda nacho Mbarara. Kwa asiyekijua, ni kipande cha chuma cha kusawazishia mashine, kilichochongwa ngazi ngazi, kila ngazi na unene wake uliothibitishwa. Mashine haioni unene. Inachojua ni muda ambao sauti imetumia kwenda hadi upande wa pili wa chuma na kurudi. Muda huo inauzidisha kwa kasi ya sauti uliyoipa, kisha inagawa kwa mbili. Ukiipa kasi isiyo ya chuma unachokipima, itakupa jibu la uongo lenye desimali mbili nzuri kabisa.

Nikashuka Kampala, moja kwa moja hadi Katwe, ambako karibu kila kitu cha chuma kinaweza kutengenezwa kabla jua halijazama. Mkerezaji niliyemkuta alijua Kiswahili cha Nairobi. Nikamwambia nataka ngazi tatu: milimita 4, 8 na 12, nyuso ziwe bapa kabisa. Akatoa sahani nene ya duara kutoka kwenye lundo lake. "Hii ni chuma kizuri, bro," akasema, akaifunga kwenye mashine.

Nilisimama pale nikimtazama. Chuma cha kawaida kikikerezwa hutoa utepe unaojikunja kama nywele. Sahani ile ilikuwa inamwaga chenga chenga, na vumbi jeusi lililomkaa mkerezaji kwenye vidole mpaka kwenye chupa yake ya soda. Niliona yote hayo, wala sikufikiri kitu. Nilichojali ni maikromita, na maikromita ilisema 4.00, 8.01 na 12.00. Nikalipa, nikapanda basi.

Asubuhi yake nikaanza kazi kwa utaratibu niliofundishwa. Kwanza nikasawazisha sifuri ya probu, kile kichwa kinachotuma sauti na kuipokea, kwenye kidude kilichojengwa mwilini mwa mashine. Nikapaka jeli kwenye ngazi ya milimita 12, nikaweka probu. Kasi iliyokuwamo ilikuwa 5920 m/s, ile tunayoitumia kwa chuma laini. Kioo kikaandika 15.44.

Mtu mwenye akili angeishia hapo akae chini. Mimi nikadhani kuna mtu amechezea mashine, au imetikisika njiani. Nikaingia kwenye sehemu ya kasi, nikabonyeza kushusha hadi kioo kikasoma 12.00. Kasi ilikuwa imefika 4600. Nikahamia ngazi ya 8, ikasoma 8.01, ya 4, ikasoma 4.00. Nikajipongeza.

Kweli, kupima ngazi nyembamba na nene ndiyo kazi yenyewe. Ngazi moja haitoshi, kwa sababu makosa mawili tofauti yanaweza kujificha pamoja. Sifuri ikiwa mbaya, unakuta kosa lile lile kila ngazi, tuseme 0.2 kwenye ya 4 na 0.2 kwenye ya 12. Kasi ikiwa mbaya, kosa linakua na unene: la ngazi ya 12 ni mara tatu ya lile la ngazi ya 4. Ukirekebisha kasi kwenye ngazi nyembamba tu, unaweza kuwa unafunika kosa la sifuri, na pleti nene itakuumbua. Mimi ngazi zangu zote tatu zilikubaliana. Lakini makubaliano yale yalithibitisha kitu kimoja tu, kwamba mashine inaipima vizuri ile sahani.

Nikakwangua rangi sehemu kwa sehemu, nikapima tangi lote. Ubavuni 4.59. Juu 4.60. Tumboni, mahali pa chini kabisa, 4.05. Nikaandika ripoti kwamba tumbo lote likatwe, na ubavu uwekwe chini ya uangalizi.

Msimamizi wa mafundi pale alikuwa mzee wa Bunia, mchomeleaji wa miaka mingi, tukimwita Mzee tu. Alisoma karatasi yangu akiwa amesimama.

"Kijana, kutu haina haki," akasema. "Inakula pale maji yanapolala. Hii yako imekula juu na ubavuni sawasawa, kama imepimiwa kijiko?"

Nikamwambia mashine imesawazishwa, Mzee, nimeikagua ngazi tatu.

Hakubishana. Akanipeleka kwenye kifuniko cha tundu la kuingilia, alichokikata mwenyewe mwezi uliopita kwenye pleti mpya. Akafungua boliti, akaniachia ukingo, akatoa venia mfukoni. Milimita 5.98. "Sasa ya kwako." Nikapaka jeli, nikaweka probu. Kioo kikaandika 4.65.

Nilirudia mara tatu, kila mara nikijifuta mikono kana kwamba jeli ndiyo yenye kosa. Pleti ya mwezi mmoja haiwezi kupoteza zaidi ya milimita nzima.

Mzee akaomba nimwonyeshe hicho nilichosawazishia. Akaigeuzageuza sahani, akaipitishia tupa ukingoni mara mbili, akaufuta unga kwa kidole gumba. Gumba likawa jeusi kama la mtoto aliyechezea penseli.

"Kastaini," akasema. "Hii ni gurudumu la injini."

Kila kitu kikanirudia, zile chenga na ile chupa ya soda. Kastaini ni chuma cha kusubu, kina vipande vidogo vya grafiti ndani yake, na sauti hupita humo polepole kuliko kwenye pleti. Tena hakina kasi moja ya kutegemea: majedwali huiweka popote kati ya 3500 na 5600 hivi, kulingana na namna kilivyosubiwa. Namba 4600 ilikuwa mbele ya macho yangu kuanzia asubuhi. Chuma laini hakishuki namna hiyo. Namba peke yake ilitosha kuniambia kwamba nimeshika kitu kingine, kama ningeisoma badala ya kuibonyeza tu.

Tukatafuta kipande kilichobaki cha pleti ile ya kifuniko. Nikasafisha pande zote mbili kwa msasa, maikromita ikatoa 5.98, nikapandisha kasi mpaka kioo kikasema hivyo hivyo. Ikasimama 5920, pale pale ilipokuwa kabla sijaichezea. Kwa sifuri nilitegemea kile kidude cha mashine, maana unene mmoja hauwezi kukagua yote mawili, na nikaandika hivyo kwenye ripoti. Nikapima tangi upya. Ubavu 5.91. Lile tumbo nililolihukumu likatoa 5.21.

Ripoti ya kwanza niliichana mbele ya Mzee, kwa ombi lake. Kipande changu halisi kiliporudi kutoka Mbarara, nilipiga mhuri wa aina ya chuma ubavuni mwake, na sikukiazima tena. Sahani ya Katwe Mzee aliichukua, akaiweka juu ya karatasi zake ofisini zisipeperuke. Kila nikiingia kusaini alikuwa akiigonga kwa kalamu kabla hajanisalimia.