Kuhama chuo Japani: zile wiki kati ya chuo na chuo

Nilikuwa Japani kwa ukaazi wa mwanafunzi, nikisomea uhasibu, nilipopata nafasi ya takwimu katika chuo kingine. Kama ningebadilisha kozi ndani ya chuo kilekile, Idara ya Uhamiaji haikuwa na haja ya kuarifiwa, kwa kuwa taasisi inayokupokea ni ileile. Lakini ukihama chuo, sheria inakupa siku 14 kutoa taarifa, na jukumu hilo ni lako mwenyewe, hata kama chuo nacho kinapeleka taarifa zake.

Shida yangu ilikuwa pengo. Cheti changu cha kuacha chuo kiliandikwa tarehe 28 Februari, na chuo kipya kilianza tarehe 1 Aprili. Wengi husubiri waanze kwanza, ndipo waripoti yote kwa mkupuo. Mimi nilihesabu hivi: kuondoka ni tukio la kwanza, mwisho wake 14 Machi, kujiunga ni la pili, mwisho wake 15 Aprili. Kinachohesabiwa ni tarehe iliyo kwenye cheti, wala si siku uliyoingia darasani mara ya mwisho. Ndiyo maana niliiomba ofisi ya wanafunzi initajie tarehe hiyo kabla sijatia saini barua ya kuacha.

Taarifa zote mbili nilizituma kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji, nikiwa na kadi yangu ya ukaazi, iitwayo zairyu, mkononi, kwani namba yake inahitajika. Ya kwanza ilitaka jina na anwani ya chuo cha zamani na tarehe ya kuondoka; ya pili ilitaka habari za chuo kipya. Hailipiwi chochote, na hupewi kadi mpya. Asiyetaka mtandao anaweza kwenda dirishani au kutuma kwa posta pamoja na nakala ya kadi. Asiyeripoti anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 200,000.

Kilichoniumiza zaidi ni kibarua. Kibali cha kufanya kazi saa 28 kwa wiki kinakulinda ukiwa umesajiliwa chuoni tu, hivyo Machi nzima sikufanya kazi. Meneja alinisihi, "Njoo hata Jumamosi tu, kadi yako si bado hai?" Kadi ilikuwa hai kweli, ila sikuwa mwanafunzi wa chuo chochote. Nilimwambia nitarudi Aprili, akanielewa.

Pengo lenyewe pia lina kikomo. Ukikaa miezi mitatu au zaidi bila kusoma na bila sababu ya msingi, ukaazi wako unaweza kufutwa. Aliyeacha Oktoba akingoja Aprili yuko pabaya kuliko nilivyokuwa mimi, na ni heri aongee na Uhamiaji kabla ya kuacha.

Kabla sijaondoka nilichukua pia matokeo yangu na cheti cha mahudhurio. Nilipoomba kuongezewa muda wa ukaazi baadaye, karatasi hizo za chuo cha zamani ndizo nilizoulizwa kwanza.